Kusoma Masharti ya Nauli Kabla ya Kulipia Tiketi ya Ndege

Masharti ya nauli ni maelezo yanayoeleza fedha ya msafiri itakwenda wapi iwapo safari haitafanyika kama ilivyopangwa. Kila nauli ya ndege ina masharti yake, na anayelipia nauli huwa ameyakubali hata kama hakuyafungua. Ndiyo maana abiria wawili walioketi bega kwa bega kutoka Songwe hadi Dar es Salaam wanaweza kuwa wamelipa bei mbili tofauti kabisa. Kiti ni kilekile na ndege ni ileile, ila mmoja amenunua haki ya kubadilisha siku na mwingine hakuinunua. Mfumo wa shirika huzigawa nauli katika madaraja, kila daraja likiwa na herufi yake, na herufi hiyo huandikwa kwenye tiketi karibu na namba ya safari. Kwa viti vya sehemu ileile ya ndege, haihusiani na ubora wa kiti. Inaonyesha nauli imetoka kwenye fungu gani, na kila fungu lina idadi ya nafasi zinazoweza kuuzwa kwa bei hiyo. Fungu la bei ya chini likiisha, anayefuata hupewa la juu yake.

Kwa mnunuzi wa Sumbawanga masharti haya yana uzito zaidi kuliko kwa mkazi wa Dar es Salaam, na sababu ni barabara. Kwa miaka mingi safari ya ndege ya mtu wa Ufipa imeanzia kwenye basi. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa 2012 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani wa mjini Mbeya, uko takribani kilomita 300 kutoka Sumbawanga, kwa njia inayopita Laela na Tunduma. Mpanda, upande wa kaskazini, nako ni zaidi ya kilomita 200. Anayetoka Sumbawanga ana saa kadhaa za lami, vituo vya ukaguzi, na msongamano wa malori ya Tunduma yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Lolote kati ya hayo laweza kumchelewesha, na shirika la ndege halilihesabu kuwa ni lake. Tiketi ya basi na tiketi ya ndege ni mikataba miwili isiyojuana. Basi likikwama, kwenye mfumo wa ndege inaonekana tu kwamba abiria hakufika.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia kusoma ni pale panapomzungumzia abiria asiyefika. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hukazia macho tozo ya kubadilisha tarehe, wakaiona kubwa au ndogo, wakaishia hapo. Tozo hiyo ni muhimu, lakini kwa msafiri anayetoka mbali si yenyewe inayoumiza zaidi, kama hesabu itakavyoonyesha baadaye.

Kwenye tovuti ya shirika masharti huwa nyuma ya kiungo kidogo kinachosomeka `Fare Rules` au `Fare Conditions`, karibu na bei, na hufunguka kabla ya hatua ya malipo. Kwa wakala wa tiketi hayajitokezi yenyewe. Lazima mnunuzi ayaombe, na wakala anayetumia mfumo wa kukata tiketi anaweza kuyafungua kwenye skrini na kuyachapa au kuyatuma kwa simu. Maneno yake huwa ya Kiingereza cha mkato, kwa herufi kubwa, na karibu mashirika yote huyaandika kwa mtindo mmoja. Sehemu inayohusu fedha huitwa `PENALTIES`. Mfano wake, wenye kiasi cha kubuni, ni huu:

```
PENALTIES
CHANGES
  BEFORE DEPARTURE
    CHARGE TZS 50000 FOR REISSUE.
    CHANGES NOT PERMITTED IN CASE OF NO-SHOW.
CANCELLATIONS
  ANY TIME
    TICKET IS NON-REFUNDABLE.
NOTE - CHARGES APPLY PER PASSENGER.
  DIFFERENCE IN FARE MUST BE COLLECTED.
```

Chini ya `CHANGES` kuna habari za kubadilisha, yaani abiria bado anataka kusafiri ila kwa siku au saa nyingine. Mfano huu unasema kwamba kabla ya kuondoka, mabadiliko yanaruhusiwa kwa tozo ya shilingi 50,000. Neno `REISSUE` maana yake tiketi ya zamani itafutwa na mpya kutolewa, na hapo ndipo nauli hupigwa hesabu upya. Mstari unaofuata ndio wa kukaziwa macho: abiria akiwa `NO-SHOW`, yaani hakufika na hakutoa taarifa, mabadiliko hayaruhusiwi tena. Nauli nyingine hazifungi mlango kabisa bali hupandisha tozo, na nyingine hazitofautishi. Ni mstari mmoja tu, lakini kwa mtu wa Sumbawanga ndio unaoamua kama tiketi inafaa kununuliwa.

Inafaa pia kujua shirika linamhesabu mtu kuwa hakufika kuanzia saa ngapi. Baadhi ya nauli huhesabu tangu ndege inapopaa. Nyingine huhesabu tangu kaunta inapofungwa, na zipo zinazotaka taarifa itolewe saa kadhaa au siku nzima kabla, ambapo kwenye masharti huonekana maneno kama `24 HOURS BEFORE DEPARTURE`. Tofauti hiyo ina faida ya moja kwa moja njiani. Abiria aliye kwenye basi lililokwama Tunduma saa tatu kabla ya ndege, akiwa na nauli inayohesabu tangu kupaa, bado ni abiria anayebadilisha tarehe. Anachotakiwa kufanya ni kupiga simu shirika au kwa wakala palepale barabarani na kuomba kiti chake kiachiwe au kihamishiwe siku nyingine, kisha kutunza ujumbe wa uthibitisho wenye saa. Akisubiri hadi afike uwanjani na kukuta ndege imeondoka, amehama kutoka mstari mmoja wa masharti kwenda mwingine, ingawa kuchelewa kwake ni kulekule.

Chini ya `CANCELLATIONS` ni habari za kughairi: abiria hataki tena kusafiri na anadai fedha. `TICKET IS NON-REFUNDABLE` inamaanisha nauli hairejeshwi. Haimaanishi kwamba tiketi haibadilishwi. Haya ni mambo mawili yanayochanganywa kila siku, hata kwenye kaunta. Tiketi isiyorejeshwa fedha, kama sehemu ya mabadiliko inaruhusu, bado ina thamani ya kulipia safari ya siku nyingine. Kinyume chake pia kipo: nauli inayorejeshwa lakini kwa kukatwa kiasi kikubwa, hadi kinachobaki ni kidogo. Maneno hayo hufupishwa kwenye tiketi yenyewe kuwa `NONREF`, na `PNLTY APPLIES` huashiria kwamba ipo tozo bila kutaja ni kiasi gani. Anayeona ufupisho huo kwenye tiketi aliyokwisha kulipia ameuona kwa kuchelewa.

Hata nauli isiyorejeshwa ina kipande ambacho mara nyingi hurudi. Bei ya tiketi ni jumla ya nauli yenyewe na kodi na ada zinazokusanywa kwa niaba ya wengine, kama vile ada ya huduma ya uwanja. Abiria ambaye hakusafiri hakutumia uwanja, na mashirika mengi hurejesha ada za namna hiyo akiomba, isipokuwa pale masharti yanapokataa waziwazi. Wasioomba hawapati. Lakini si kila kilichoandikwa upande wa kodi ni kodi: tozo zenye alama `YQ` au `YR` ni za shirika lenyewe, na kwa kawaida hufuata hatima ya nauli. Mwenye kudai marejesho aangalie mchanganuo huu, aone ni kiasi gani hasa kinaweza kurudi, kisha aamue kama kinastahili kufuatiliwa.

Mistari miwili ya mwisho ya mfano ni mifupi na ndiyo inayozua ugomvi mwingi. `PER PASSENGER` ina maana mke, mume na watoto wawili wenye tiketi nne watalipa tozo mara nne. Na `DIFFERENCE IN FARE` ni tofauti ya nauli, gharama isiyo na kiwango kilichoandikwa popote, kwa kuwa haijulikani hadi siku ya kubadilisha.

Tofauti ya nauli huzaliwa na yale mafungu ya bei. Aliyenunua mapema alipata nafasi kwenye fungu la chini. Anapoomba kuhamia siku nyingine, mfumo unaangalia mafungu yaliyobaki kwenye ndege ya siku hiyo. Kama lile lake bado lina nafasi, tofauti ni sifuri na analipa tozo peke yake. Kama limekwisha, anapandishwa hadi fungu lililopo na kulipa kilichozidi. Kwa hiyo swali zuri kwa wakala si kuuliza kubadilisha ni shilingi ngapi. La kuuliza ni hili: daraja lilelile la nauli lina nafasi siku zipi? Jibu laweza kuwa Jumanne badala ya Jumatatu, na kulala usiku mmoja zaidi kwa ndugu kukaokoa fedha kubwa kuliko tozo.

Mfano wa mfanyabiashara wa alizeti kutoka Sumbawanga anayekwenda Dar es Salaam kuonana na mnunuzi unaonyesha mambo haya yanavyofungamana. Viwango vyote hapa ni vya mfano. Anakuta nauli mbili za kwenda tu. Ya kwanza ni shilingi 150,000 pamoja na kodi na ada 30,000, jumla 180,000, kwa masharti yaliyosomwa hapo juu. Ya pili ni 230,000 pamoja na ada zilezile, jumla 260,000. Hiyo inabadilishwa bila tozo, na asiyefika hutozwa 60,000 na kupewa safari nyingine. Anachukua ya kwanza na kubakiwa na 80,000 mfukoni.

Siku nne kabla ya safari mnunuzi wa Dar anaahirisha kikao kwa siku tatu. Kwenye ndege ya siku mpya fungu la 150,000 limekwisha, na la chini lililobaki ni 210,000. Mfanyabiashara analipa tofauti ya 60,000 na tozo ya 50,000, jumla 110,000. Safari yake sasa imegharimu 290,000, yaani 30,000 zaidi ya ile tiketi aliyoikwepa, endapo hiyo nayo ingepata nafasi kwenye fungu lake. Ameumia, lakini si sana. Asipobadilisha ameokoa 80,000, akibadilisha mara moja amepoteza 30,000. Mtu anayeona kwamba uwezekano wa kubadilika ni nusu kwa nusu bado anafanya sawa kununua ya bei ya chini.

Anaweza kushawishika kuitupa tiketi ya zamani na kununua mpya kwa hasira. Hilo lingemgharimu 210,000 pamoja na ada 30,000, yaani 240,000, wakati kubadilisha ni 110,000. Kanuni iliyo nyuma ya hesabu hii ni nyepesi: bei mpya inapokuwa sawa na ya zamani au kubwa zaidi, kubadilisha kuna faida mradi tozo ni ndogo kuliko thamani ya tiketi ya zamani. Tozo ikikaribia au kuipita thamani hiyo, jambo linaloweza kutokea kwenye nauli za ofa, tiketi ya zamani haina kazi tena. Na bei mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, tozo hulipwa palepale, na kiasi kilichozidi mara nyingi hakirudishwi.

Sasa tuseme kikao hakikuahirishwa, ila basi lilikwama Tunduma na hakupiga simu. Nauli ya kwanza hairuhusu mabadiliko kwa asiyefika. Ananunua tiketi mpya ya 240,000 juu ya 180,000 iliyopotea, na safari moja imemgharimu 420,000, kabla ya kurejeshewa ada zozote. Kwa nauli ya pili angelipa 60,000 juu ya 260,000, yaani 320,000, kama fungu lake lingekuwa na nafasi kesho yake. Hapa ndipo tiketi ya bei ya juu inapojilipia. Pia panaonekana njia ya tatu, ambayo kwa watu wa Rukwa wengi ndiyo bora: kununua nauli ya chini, kusafiri kwa basi siku moja kabla, na kulala Mbeya au Mbalizi. Gharama ya chumba cha nyumba ya wageni mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya 80,000 kati ya nauli mbili, na inaondoa hatari ambayo hakuna sharti la nauli linaloiondoa kikamilifu.

Neno la kuangaliwa kwenye nauli ya pili ni lile linalosifiwa kwenye matangazo, kwamba mabadiliko ni bure. Kilicho bure ni tozo tu. Tofauti ya nauli bado hudaiwa, isipokuwa masharti yaseme vinginevyo, na anayehama kutoka siku tulivu kwenda mkesha wa Krismasi ataiona.

Tiketi ya kwenda na kurudi ina mtego wake. Vipande vyake hutumika kwa mpangilio. Aliyekosa ndege ya kwenda, akasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam ili asichelewe shughuli, akitegemea kurudi kwa ndege wiki inayofuata, atakuta kipande cha kurudi kimefutwa kwenye mfumo, kwa sababu cha kwanza hakikutumika. Anayejua ataenda kwa njia nyingine anapaswa kuzungumza na shirika kabla ya ndege ya kwanza kuondoka, na kukubali kwamba bei inaweza kupigwa upya. Kwa anayetoka Ufipa, tiketi mbili za kwenda tu wakati mwingine ni salama zaidi hata zikizidi bei kidogo, kwa kuwa kukosa moja hakuiui nyingine.

Kwenye tiketi hiyo ya kwenda na kurudi, `BEFORE DEPARTURE` humaanisha kabla ya safari nzima kuanza, si kabla ya kila ndege. Aliyekwisha kufika Dar anayetaka kusogeza siku ya kurudi yuko chini ya `AFTER DEPARTURE`, ambako tozo inaweza kuwa nyingine. Na kama nauli ya kwenda na ya kurudi zina masharti tofauti, si ajabu kukuta yale makali zaidi yanatawala tiketi yote. Kuchanganya nauli kali ya kwenda na nauli laini ya kurudi kunaweza kuwa ni kulipia ulaini usiokuwepo.

Jina nalo limo ndani ya masharti. Kwa kawaida tiketi ya ndege haihamishwi kwa mtu mwingine. Mzazi aliyeugua hawezi kumpa mwanawe tiketi yake, na kuuza tiketi isiyohitajika kwa jirani ni kumuuzia karatasi. Makosa madogo ya herufi hurekebishwa, mara nyingine kwa ada, lakini huwa rahisi zaidi siku ileile ya ununuzi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho kitakachoonyeshwa uwanjani.

Anayenunua kwa wakala ana masharti ya watu wawili. Wakala hutoza ada yake ya huduma, ambayo haimo kwenye nauli na kwa kawaida hairudi, na anaweza kuongeza ada nyingine juu ya tozo ya shirika wakati wa kubadilisha. Risiti inayotenganisha nauli, kodi na ada ya wakala huondoa mabishano baadaye. Marejesho hupitia njia ileile fedha iliyopitia, hivyo shirika mara nyingi litamrudisha abiria kwa wakala wake. Kitu kingine cha kudai ni namba ya tiketi, yenye tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Ile namba fupi ya herufi na tarakimu sita ni ya nafasi iliyoshikiliwa, na nafasi inaweza kushikiliwa bila tiketi kukatwa. Muda wa malipo ukipita, nafasi hufutika yenyewe, na pamoja nayo bei iliyotajwa.

Yote haya yanahusu mabadiliko anayoyataka abiria. Shirika lenyewe likifuta safari au kuisogeza sana, tozo ya mabadiliko na neno `NON-REFUNDABLE` havitumiki kwa namna ileile. Abiria huwekwa kwenye ndege nyingine bila tozo au kurejeshewa fedha. Jambo hili hutokea. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kutokana na matatizo ya injini, na ratiba zikavurugika. Kosa la kuepuka katika hali hiyo ni haraka. Abiria anayesikia uvumi kwamba ndege haitaruka, akaingia kwenye tovuti na kughairi mwenyewe, amegeuza kufutwa kwa safari kuwa uamuzi wake, na masharti makali ya nauli yanarudi kazini. Asubiri ujumbe wa shirika, autunze, kisha ajibu kwa maandishi akitaja anachotaka, ndege nyingine au fedha. Shirika lisipojibu, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, yakiambatana na ujumbe huo, namba ya tiketi na nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku ya kulipia. Nakala hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana mara nyingi, na kuipata ni suala la kupiga picha ya skrini kabla ya kubonyeza kitufe cha malipo.